Kozi ya uigaji kwa wauguzi wanafunzi: maoni yao 4.7 kati ya 5, lakini ngazi ya tabia na ya matokeo naipimaje?

Mwalimu_wa_Zamu

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada, hasa kwa wanaofanya tathmini za mafunzo.

Nafundisha uuguzi. Mwaka huu tumeanzisha kozi ya siku 2 ya uigaji kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Mada ni moja tu: kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa na kuita msaada. Tuna mdoli anayepumua, hali yake tunaibadilisha kutoka chumba cha pili, na kila zoezi likiisha tunakaa nusu saa kujadili kilichotokea. Darasa ni kubwa, kwa hiyo tumeligawa. Wanafunzi 44 wameshapita na 41 watapita mwezi ujao, ila wote wako wodini kwa mzunguko wa kawaida.

Mkuu wa idara anataka ripoti kwa ngazi nne za Kirkpatrick: mwitikio, ujifunzaji, tabia na matokeo. Nilichonacho ni hiki. Mwitikio: fomu ya maoni, wastani 4.7 kati ya 5. Ujifunzaji: mtihani wa maswali 20, kabla ya kozi wastani 11.6, baada yake 16.3. Tabia: dodoso la wiki ya sita, ambapo 39 kati ya 44 wamesema wanatumia walichojifunza. Matokeo: hapo ndipo nimekwama. Mkuu anataka nionyeshe kwamba vifo wodini vimepungua. Nina wiki 3.

Nichukue takwimu gani? Na hizo ngazi tatu za mwanzo zimekaa sawa?

Nahodha77

Hapa ndipo ninyi walimu mnapowaonea watoto wa watu. Mwanafunzi kasoma siku mbili na mdoli, halafu mgonjwa akifa wodini unataka umwandikie yeye alama? Inchaji yuko wapi, daktari yuko wapi?

Mwalimu_wa_Zamu

Hapana, Nahodha, hujanielewa. Siwapimi wanafunzi, naipima kozi. Hakuna atakayefelishwa. Nataka kujua kama siku zile mbili zilibadilisha chochote au tulicheza tu na mdoli.

Nahodha77

Basi sawa. Ila hoja ya daktari bado iko palepale.

TakwimuHazidanganyi

Mkuu, mbona uko vizuri tu. Zile ngazi ni kama ngazi ya nyumba, huwezi kufika juu bila kukanyaga za chini. Maoni mazuri yamezaa kujifunza, kujifunza kumezaa tabia, bado tabia izae matokeo. Kwa mtihani, kwa kuwa ni watu walewale kabla na baada, tumia jaribio la t la jozi, kila mwanafunzi alinganishwe na yeye mwenyewe. Usilinganishe wastani mbili kana kwamba ni makundi mawili tofauti, wengi wanakosea hapo. Kwa ngazi ya nne chukua vifo vya miezi 6 kabla ya kozi na miezi 6 baada. Vikishuka, umemaliza kazi.

Shangazi_Chati

Nimefanya kazi hii miaka mingi, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kirefu.

Takwimu yuko sahihi kwenye jozi. Kwenye ngazi ya nyumba, hapana. Kirkpatrick aliandika makala zake mwaka 1959 na 1960, na aliwafikiria zaidi wasimamizi wa viwandani. Ngazi zake ni njia nzuri ya kupanga maswali. Kwamba moja inaizaa nyingine ni dhana tu, na watafiti kina Alliger na Janak waliitilia shaka hadharani tangu 1989. Mtu anaweza kuifurahia kozi asijifunze kitu. Anaweza kujifunza vizuri sana, akafika wodini akafanya vilevile kama zamani.

Sasa Mwalimu, jedwali lako. Mimi huwa nauliza swali moja kwa kila namba: hii imetoka wapi? Lile dodoso la wiki ya sita limetoka mdomoni mwa mwanafunzi, tena mwanafunzi anayemwandikia mwalimu wake. Hiyo bado ni ngazi ya kwanza iliyovaa sare ya ngazi ya tatu. Sisemi wanadanganya. Wengi wanaamini kweli kwamba wanatumia. Lakini tabia ni kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukiona, au kitu kilichoacha alama mahali.

Kwa hiyo, kabla hatujafika kwenye vifo, nijibu hili. Siku ya kawaida, saa nne asubuhi wodini, mwanafunzi aliyepita kwako anafanya nini ambacho asiyepita hafanyi? Nipe kitendo kimoja, si "anajiamini".

Mwalimu_wa_Zamu

Shangazi, asante, umenibana pazuri. Kama ni kitendo kimoja, basi ni kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Tulilikazia sana hilo. Halafu ajumlishe alama kwenye chati ya NEWS2, ile inayoonyesha kama mgonjwa anazidiwa, na zikifika 5 amwite mtu.

Mzee wa Wodi ya Wanaume

Dakika nzima! Nina vitanda 32 na wauguzi wawili. Hebu piga hesabu, mwalimu. Pumzi peke yake ni dakika 32, bado presha, bado joto, bado dawa, bado ndugu wa mgonjwa mlangoni. Mdoli wako ana ndugu?

Shangazi_Chati

Mzee, shikamoo. Hoja yako nitairudia, usiondoke.

Mwalimu, una bahati, kwa sababu umechagua kitendo kinachoacha alama. Fungua chati za wodini uangalie safu ya upumuaji. Anayehesabu dakika nzima ataandika namba yoyote: 17, 22, 19, 25. Kwa wagonjwa wengi, karibu nusu ya namba hizo zinapaswa kuwa witiri, yaani zisizogawanyika kwa mbili, maana pumzi hazichagui. Anayehesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili hawezi kuandika witiri kamwe. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne ataandika 16, 20, 24 na si kitu kati yake. Na asiyehesabu kabisa, anayemtupia mgonjwa jicho tu, huandika 18 au 20, kitanda hadi kitanda, ukurasa hadi ukurasa.

Kwa hiyo usiwaulize kama wanahesabu. Hesabu namba walizoandika. Hakuna atakayejiweka sawa kwa sababu anakaguliwa, kwani chati ilishaandikwa zamani.

Na usione ni jambo dogo. Chukua mgonjwa mmoja. Oksijeni kwenye damu 94, hiyo ni alama 1. Mapigo 108, alama 1. Presha, namba yake ya juu, 104, alama 1. Joto 38.4, alama 1. Yuko macho, anaongea, hatumii oksijeni ya ziada. Ukimwandikia pumzi 20, upumuaji unapata 0, jumla 4. Muuguzi anaendelea na kitanda kinachofuata. Mgonjwa huyohuyo ukimhesabu ukakuta 24, upumuaji peke yake unapata 2, jumla 6. Sasa ameshavuka 5 na inabidi aonwe haraka, kisha apimwe tena angalau kila saa. Hakuna kingine kilichobadilika isipokuwa dakika moja ya mtu kumtazama kifua.

Jambo lingine: una kundi la kulinganisha mkononi na hujaliona. Wale 41 wanaosubiri wako wodi zilezile, wiki zilezile. Soma chati zao pia.

Binti_Sare

Mimi ni miongoni mwa waliopita kozi kama hiyo, si kwa Mwalimu huyu, kwingine, nadhani. Niseme ukweli wangu.

Siku ya kwanza wodini nilihesabu dakika nzima, vidole kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa nikijifanya napima mapigo, kama tulivyofundishwa, ili asijue nahesabu pumzi akabadilisha. Nikapata 23. Muuguzi niliyepangwa naye akaangalia akasema, "Huyu hana shida, andika 20, ukiandika hivyo utatuitia daktari bure." Nikaandika 20. Siku ya pili hakuhitaji kuniambia tena.

Halafu kuna kitu kingine. Mdoli kila mara anazidiwa. Ukiingia kwenye kile chumba unajua ndani ya dakika kumi kitatokea kitu, kwa hiyo unamkodolea macho. Wodini nilikaa wiki mbili hakuna aliyezidiwa mbele yangu. Macho yanalala. Na mdoli kifua kiko wazi kinapanda na kushuka kama saa. Mgonjwa ana blanketi, anakohoa, anakuuliza utampa chakula saa ngapi.

Ila Shangazi, hilo la kusoma chati zetu kimyakimya halijanikaa vizuri. Ni kama kutupeleleza.

Shangazi_Chati

Binti, ulichoandika kina thamani kuliko ile 4.7, naomba Mwalimu akinakili.

Kuhusu upelelezi, una haki ya kuuliza. Kwangu mimi: ruhusa ya hospitali na ya kamati ya maadili ipatikane kwanza, anayesoma chati asiwe mwalimu anayetoa alama, majina yageuzwe kuwa namba kabla hayajamfikia yeyote, na wanafunzi waambiwe tangu mwanzo kwamba kumbukumbu za wodini zitasomwa kwa tathmini ya kozi. Wasichoambiwa ni safu ipi. Wengine watasema hata hilo si haki. Ukiwaambia safu, kipimo kinakufa, kwa sababu hata asiyehesabu ataanza kuandika 19.

Binti_Sare

Bado mimi sijaridhika, lakini nimekuelewa.

TakwimuHazidanganyi

Nakubali kuhusu dodoso. Ila kujifunza kumeonekana bwana, 11.6 hadi 16.3 si mchezo.

Shangazi_Chati

Ni maswali yaleyale kabla na baada? Kama ni yaleyale, sehemu ya hizo alama ni kumbukumbu ya swali. Na hata yangekuwa mapya, kujua kwamba pumzi huhesabiwa dakika nzima si kuweza kuzihesabu. Mwalimu, mlirekodi video ya zoezi la mwisho?

Mwalimu_wa_Zamu

Maswali ni yaleyale, nakiri. Video zipo, tulizitumia kwenye mjadala.

Shangazi_Chati

Basi hizo ndizo ngazi yako ya pili. Tafuta watu wawili, kila mmoja aangalie peke yake akiwa na saa, aandike kama aliyeongoza zoezi alihesabu dakika nzima au la. Halafu mlinganishe. Pale wanapopishana ndipo mtajua kigezo chenu hakijaeleweka.

Umuhimu wake ni huu. Ukikuta wodini hawahesabu, utataka kujua sababu. Kama hata kwenye video hawakuhesabu, kozi haikufundisha. Kama kwenye video walihesabu na wodini hawahesabu, kozi ilifundisha na kuna kitu wodini kinachoizima. Ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti, na fomu ya maoni haiwezi kuyatenganisha.

Mwalimu_wa_Zamu

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa ukimya wa siku kumi na mbili, ruhusa ilichukua muda. Chati zimesomwa na mwenzangu wa idara nyingine, mimi nimepewa namba tu.

Video kwanza. Mazoezi yalikuwa 22, wanafunzi wawili wawili. Katika 19 aliyeongoza alihesabu dakika nzima au pungufu kidogo sana. Waangalizi walipishana kwenye video 2 tu, zote mbili ni pale mwanafunzi alipokatizwa na simu ya kuigiza.

Sasa chati. Wodi 2, wiki 2. Waliopita kozi wameandika pumzi mara 260, ambao bado wameandika mara 244. Namba witiri: waliopita 31, ambao bado 14. Namba 18 na 20 kwa pamoja: waliopita 151, ambao bado 193.

Nilitarajia witiri zikaribie nusu. Nimepata asilimia 12. Nimevunjika moyo kidogo.

TakwimuHazidanganyi

Usivunjike moyo! Asilimia 12 kwa 6, nimepiga jaribio la uwiano hapa, tofauti ni ya kitakwimu, p, yaani uwezekano wa bahati tu kuleta tofauti kubwa hivi, iko karibu 0.015. Na 18 na 20 zimeshuka kutoka asilimia 79 hadi 58, hiyo ndiyo kubwa zaidi. Andika ripoti.

Shangazi_Chati

Polepole. Hilo la 18 na 20 nalipenda, maana linaonyesha kuna watu wameacha kukisia na wanahesabu angalau nusu dakika. Witiri ni kipimo kikali, anayehesabu nusu dakika kinamkosa kabisa. Kwa hiyo Mwalimu, usisome asilimia 12 kana kwamba waliobaki wote wanabuni.

Lakini Takwimu, hesabu yako inachukulia kwamba maandishi 260 ni watu 260. Ni wanafunzi wangapi kwenye hizo wodi?

Mwalimu_wa_Zamu

Waliopita ni 11. Wasiopita ni 10.

Shangazi_Chati

Basi una watu 11, si maandishi 260. Mwanafunzi mmoja mwenye bidii anaweza kukujazia ukurasa. Muulize mwenzako zile witiri 31 zimeandikwa na nani na nani, kwa namba zao, si majina. Na ziko wodi gani.

Mwalimu_wa_Zamu

Nimepata jibu. Nimekaa nalo usiku mzima.

Kati ya witiri 31, 19 ni za wanafunzi wawili tu. Zilizobaki 12 zimegawanyika kwa wale 9, kuna wenye moja, kuna ambao hawana hata moja. Na wale wawili wote wako wodi ya pili. Halafu nyingine: wiki ya kwanza witiri zilikuwa 24, wiki ya pili 7, ingawa maandishi yanakaribiana, kama 130 kila wiki.

TakwimuHazidanganyi

Duh. Narudisha p yangu mfukoni.

Shangazi_Chati

Hapo ndipo tathmini inapoanza kuwa tamu. Video inasema wanaweza. Chati inasema hawafanyi, au wanafanya wiki moja wanaacha. Kwa hiyo swali si la chumba cha uigaji tena. Wodi ya kwanza na ya pili zinatofautiana nini? Nenda ukasimame, usimuulize mtu. Simama pale ambapo mwanafunzi husimama akipima.

Mzee wa Wodi ya Wanaume

Nitakuambia bila wewe kusimama. Wodi ya pili inchaji wake ana wagonjwa wachache na moyo mlaini. Ongeza vitanda kumi uone kama kuna witiri itabaki.

Mwalimu_wa_Zamu

Nimeenda jana. Mzee, huenda uko sahihi, wodi ya pili ina wagonjwa pungufu kama wanane. Lakini nimeona kitu ambacho kimenifanya nicheke peke yangu.

Wodi ya kwanza haina saa yenye mshale wa sekunde. Kuna saa moja ya namba juu ya meza ya wauguzi, inaonyesha saa na dakika tu, na kutoka vitanda vya mwisho huioni. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuvaa saa ya mkononi kwa ajili ya kuzuia maambukizi, simu ni marufuku, na zile saa za kubandika kifuani niliona wawili tu wanazo. Nikamwuliza mmoja taratibu, anahesabuje dakika? Akasema, "Nahesabu kichwani." Pumzi kichwani na sekunde kichwani, kwa wakati mmoja.

Wodi ya pili kuna saa kubwa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, inaonekana kila kitanda.

Na kwenye chumba chetu cha uigaji saa kama hiyo iko juu kabisa ya kichwa cha mdoli. Tuliitundika wenyewe.

Binti_Sare

Nimecheka na mimi, halafu nimehuzunika. Hata sisi ilikuwa hivyohivyo. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza.

Mzee wa Wodi ya Wanaume

Saa! Nimekaa wodini miaka 27, sikuwahi kulifikiria hilo. Kwangu iko, ila mshale wa sekunde umegota.

TakwimuHazidanganyi

Lakini bado hujui kama ni saa, ni inchaji, au ni idadi ya wagonjwa. Wodi ni mbili tu, zote tatu zinatofautiana kwa pamoja.

Shangazi_Chati

Sahihi kabisa, na hilo liandikwe kwenye ripoti hivyohivyo. Ila saa ni rahisi kuijaribu. Itundike wodi ya kwanza kabla kundi la pili halijapita kozi, usibadilishe kitu kingine, soma chati wiki mbili. Kama witiri zitapanda hata kwa wale ambao hawajapita kozi, umejifunza jambo litakalokuudhi kidogo kama mwalimu.

Saa haitaeleza kwa nini wiki ya pili zilishuka. Wodi ya pili saa ilikuwepo wiki zote mbili. Hapo nadhani ni yale ya Binti: mtu anaambiwa "andika 20" mara moja, inatosha.

Sasa vifo. Mwalimu, mwambie mkuu wako hapana, kwa heshima. Vifo vya wodi moja ni vichache na vinayumba vyenyewe. Kama wodi huwa na vifo 6 kwa miezi mitatu, kipindi kingine kuwa na 4 au 8 ni bahati tu, hakuna aliyefanya kitu. Wanafunzi wako ni wachache kati ya wengi wanaomgusa mgonjwa, tena wanahama baada ya wiki kadhaa. Vikipungua hutaweza kusema ni ninyi, na vikiongezeka utalaumiwa bure.

Chukua kitu kilicho karibu zaidi na kitendo chenu. Kwa kila chati ambayo alama zilifika 5, ni dakika ngapi zilipita hadi mtu akaitwa? Muda wa kupima upo kwenye chati, muda wa kuitwa daktari upo kwenye maelezo ya muuguzi. Panga hizo dakika kuanzia ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati, maana mgonjwa mmoja aliyesahaulika usiku kucha ataharibu wastani.

Na mwonye mapema kuhusu mtego huu: kozi ikifanya kazi, chati zenye alama 5 na zaidi zitaongezeka. Yule mgonjwa wa pumzi 24 alikuwepo tangu zamani, ila alikuwa anaandikwa 20. Anayesoma jedwali haraka atasema baada ya kozi wagonjwa wanazidiwa zaidi. Nimewahi kuona mradi mzuri ukisimamishwa kwa sababu hiyohiyo.

Nahodha77

Sasa nimeelewa mada. Kumbe shida si mwanafunzi wala daktari, ni saa.

Mzee wa Wodi ya Wanaume

Nahodha, na vitanda 32 je?

Mwalimu_wa_Zamu

Wakuu, nimewasilisha ripoti leo. Ngazi ya kwanza nimeandika 4.7 na kuongeza kwamba namba hiyo inaonyesha walipenda, basi. Lile dodoso la wiki ya sita nimelihamishia hapo. Ngazi ya pili nimeweka video 19 kati ya 22 mbele, mtihani nyuma yake na maelezo kwamba maswali yalikuwa yaleyale. Ngazi ya tatu nimeandika kwamba wanaokisia wamepungua, kwamba waliohesabu dakika nzima mara kwa mara ni wawili kati ya 11, wote wa wodi yenye saa, na kwamba baada ya wiki moja hata hao walilegea. Ngazi ya nne nimeandika "bado", na dakika za kumwita daktari zitakusanywa kuanzia kundi la pili.

Mkuu aliisoma palepale. Akauliza kwa nini ngazi ya nne iko tupu, nikamweleza habari ya vifo 6 na 4 na 8. Hakufurahi. Kisha akauliza saa ya ukutani yenye mshale inanunuliwa kwa fungu gani, la mafunzo au la vifaa vya wodi. Hapo ndipo tulipoishia, mimi nasema la mafunzo, yeye anasema la wodi.

Kwa kundi la pili nimeondoa saa ya juu ya mdoli na tumemfunika blanketi. Nusu ya mazoezi mdoli hatazidiwa kabisa, atalala tu. Na kwenye mazoezi mengine mkufunzi atasimama pembeni kama muuguzi wa zamu na kumwambia mwanafunzi aandike 20. Shangazi, hilo la mwisho wenzangu wawili wamelipinga. Wanasema tunamfundisha mwanafunzi kubishana na waliomtangulia.

Shangazi_Chati

Wana hoja. Mimi ningelifanya, lakini mwanafunzi aelezwe kabla ya kuondoka kwamba lilikuwa igizo, na apewe sentensi ya kusema, si ujasiri mtupu. Kitu kama "Dada, nimepata 23, naomba tuhesabu wote."

Binti_Sare

Hiyo sentensi ningekuwa nayo siku ile, ningeisema. Nadhani. Sijui.